Sketi ya wifi yangu na marinda yaliyopigwa pasi

Miaka ile ya dhahabu hapa Matongo, kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa mgongo wangu. Nilikuwa nashona kwenye kibaraza cha duka, cherehani yangu imeangalia barabara, na barabara yenyewe ilikuwa vumbi tupu. Malori yanapita, bodaboda zinapita, wanawake wanapita na viroba vya mawe kichwani kwenda kusagisha kwenye karasha, ile mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu. Karasha ikinguruma, hata mteja akikuambia vipimo vyake lazima arudie. Nilikuwa nafika nyumbani masikio yanalia, miguu imevimba kwa kukanyaga pedali, na bado kuna mtu kanisubiri mlangoni na kitambaa chake anasema ni cha kesho. Cha kesho! Kana kwamba mimi nimezaliwa na sindano mkononi.

Katika kazi zote hakuna iliyonichosha kama marinda. Gauni la kawaida unakata, unaunga, umemaliza. Sketi ya marinda unakunja, unabana kwa pini, unapima kiuno, unakuta kimezidi kidole kimoja, unafumua, unakunja upya. Na ukimaliza, bado hujui umeshona nini mpaka mwenyewe aivae atembee. Sketi ikiwa mezani inakudanganya, ikianza kutembea ndipo inasema kweli.

Aliyenifanya niyajue marinda kuliko nilivyotaka ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Huyu wifi alikuwa kiongozi wa kwaya yetu ya kanisani. Si kuimba tu, yeye ndiye aliyekuwa anatangulia mstari ukiingia. Hatua mbili mbele, moja nyuma, zungusha, na nyuma yake wenzake wote wanamfuata. Watu walikuwa wanatoka hata ng'ambo ya Sirari, ndugu zetu wa upande wa Kenya, wanakuja kwenye ibada zetu na kumuulizia yeye. Siku za kazi alikuwa anachambua mawe kwenye ukingo wa mashimo kama wanawake wengine. Siku moja ukingo ukaporomoka naye. Walimtoa mzima, tunashukuru, lakini nyonga ya kushoto haikurudi sawa. Mguu ule ukawa mfupi. Kila akikanyaga kushoto, mwili unazama, halafu unapanda.

Tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari nyingine. Sokoni: mguu unaendeleaje? Kisimani: pole na mguu, mama. Kanisani anasalimia wazee shikamoo, wanaitikia marahaba, na macho yao tayari yako chini. Alikuwa ananiambia, "Wifi, mimi nimekuwa mguu. Mtu mwenyewe amebaki kule shimoni." Halafu anacheka, na mimi sicheki, maana namuona.

Ikatokea safari ya kwaya kwenda Machochwe, kule karibu na hifadhi, ambako makanisa ya Tarime na Serengeti yalikuwa yanakutana. Wifi akasema anataka kuingia na mstari, mbele, mahali pake. Mwalimu wa kwaya, kijana mpole lakini anayependa mambo yanyooke, alimwambia ukweli mbele yangu:

"Dada, sauti yako naihitaji. Lakini mstari mzima unatazama wewe. Ukizama, watu wataacha kusikiliza wimbo, wataanza kukuangalia mguu. Kaa na wale wanaoimba wakiwa kwenye viti. Hakuna ubaya."

"Ubaya upo," wifi akamjibu. "Nipe nafasi, uone mazoezini."

Akampa. Alhamisi, mazoezi ya mwisho, ndiyo itakayoamua.

Sasa kwaya ilikuwa imekwisha kununua sare. Viongozi walikwenda Sirari wakarudi na sketi za rangi ya zambarau zilizokunjwa na mashine, yale marinda membamba membamba yaliyosimama wima kuanzia kiunoni mpaka chini. Sisi tuliyaita kodiani, kwa kuwa yanafunguka na kujifunga kama kile kinanda cha kuvuta kwa mikono. Huwezi kuyatengeneza kwa cherehani wala kwa pasi ya mkaa. Yanapikwa kwa moto na mvuke kiwandani, kitambaa kikiwa cha plastiki plastiki, na yanakaa hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuweka mikanda ya kiuno tu. Nikasema Mungu ni mwema, safari hii sikunji kitu.

Wifi alipovaa ya kwake akatembea kibarazani, mimi niliinua macho kwenye cherehani bila kutarajia chochote. Nikaacha kukanyaga pedali.

Mguu ulikuwa umepotea! Mwili ulikuwa unazama vilevile, lakini kodiani inapotembea haitulii hata mahali pamoja. Kila rinda linafunguka kidogo na kurudi, linafunguka na kurudi, mbele, nyuma, pembeni. Jicho lako halina pa kushika. Alipozunguka ikatanuka yote kama mwavuli, aliposimama ikajikusanya ikambana taratibu.

"Wifi," nikamwambia, "rudia tena."

Akarudia. Alhamisi akaenda mazoezini nayo, na mwalimu akamtazama mara mbili akasema haya, utatangulia. Jioni ile wifi alinikumbatia mpaka pini zilizokuwa kifuani kwangu zikamchoma.

Ijumaa asubuhi nilifika kwa mama mkwe wangu kuchukua ile sketi nikaze ndoano. Wifi alikuwa anaishi pale kwa mama yake tangu aumie. Mama mkwe nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, pasi ya mkaa iko pembeni inatoa moshi, na uso wake umejaa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Ile sketi ya mwenzio ilikuwa imekunjamana yote. Sijui waliiwekaje huko Sirari. Nimeinyunyizia maji, nimeinyoosha kipande kwa kipande, tangu alfajiri. Sasa hata mtu akimtazama atajua ana mama."

Sketi ilikuwa imetandazwa juu ya kamba. Tambarare. Pana kama shuka la kitanda.

Jamani! Nilihisi maji ya moto yanapanda kichwani. Na mahali pamoja pasi ilikaa muda mrefu, kitambaa kikang'aa alama ya ncha ya pasi. Kwetu Wakurya mama mkwe hajibiwi hovyo, wala haambiwi ameharibu, hasa akiwa amechoka kwa ajili ya mtoto wake. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa joto la mpini.

"Asante, mama," nikasema. "Imenyooka kweli."

Wifi alitoka ndani. Aliiangalia sketi, akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Alikaa kwenye kizingiti, akaunyoosha ule mguu mbele yake, akaanza kuukanda. Basi hilo ndilo lililonimaliza. Bora angepiga kelele.

Sirari hakukuwa na muda wa kwenda na kurudi, na sketi za namna ile kule, tulikwisha kuambiwa, zilikuwa zimeisha. Fuso, lori la kutupeleka Machochwe, lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi. Nikaichukua ile sketi pamoja na wifi tukaenda kibarazani kwangu. Wateja wengine niliwaambia waende zao, nitawashonea Mungu akipenda. Mmoja alinitukana. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata tusi halikuingia.

Kodiani huwezi kuirudisha kwa mkono, hilo nilijua. Mistari yake ilikuwa bado inaonekana kwa mbali, lakini nguvu ya kujikunja ilikuwa imetoka. Kitu kimoja kilikuwa upande wetu: kitambaa kilikuwa kingi. Kodiani inakula upana kama mara tatu ya mwili, na marinda ya kukunja kwa mkono, ukiyajaza vizuri, yanataka upana kama huo huo. Nikafumua mkanda, nikaanza na marinda ya upande mmoja kwa kuwa ndiyo rahisi. Yale unayoona kwenye sketi za shule, kila rinda limelalia mwenzake, yote yameelekea upande mmoja kama mabati ya paa.

Nikabana kwa pini, nikamvika, akatembea.

"Vipi?" akauliza.

Marinda ya upande mmoja yanafuata hatua. Mguu mzima ukienda mbele, yanaachana na kuonyesha ndani. Mguu mfupi ukienda, yanalala. Yanaachana, yanalala. Mtu hata akiwa mbali angehesabu. Na alipozunguka, upande mmoja marinda yalitulia yamelala, upande wa pili upepo ukaingia chini ya mikunjo yakafumka yote.

"Inasema," nikamwambia. "Inasema kila kitu."

"Geuza basi yaelekee kushoto."

Nikageuza. Saa nzima ya kugeuza pini! Ikawa vilevile, ila kelele zimehamia upande mwingine. Wifi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mazishi, nami nikamwambia anyamaze, maana mdomo wangu ulikuwa umejaa pini na nikicheka nitazimeza.

Tukala kiazi kitamu na chai ya baridi. Karasha ilikuwa inanguruma tu.

Nikajaribu lile rinda la kuficha, ambalo mikunjo miwili inatazamana na kukutana katikati, na nguo ya ziada inabaki nyuma yake. Hilo mimi nalipenda. Mtu akisimama sketi inaonekana imenyooka kama haina rinda kabisa, akipiga hatua mdomo unafunguka, akisimama unafunga. Ni rinda lenye adabu. Nikamwekea moja mbele na moja nyuma, na pembeni nikaacha tambarare. Akiwa amesimama alipendeza mpaka nikasikia moyo unatulia. Akapiga hatua. Rinda la mbele likafunguka, lakini likafunguka upande, mdomo umepinda kuelekea kushoto, kama mtu aliyeng'olewa jino. Hatua ya pili likafunga lote. Hatua ya tatu likapinda tena. Sehemu zote zingine zimetulia, ni pale tu panapocheza, basi macho yote yanakwenda pale pale.

"Toa," akasema wifi. "Wifi, toa hii kitu. Nitakaa na wale wa kwenye viti."

"Hutakaa."

"Umechoka."

"Nimechoka ndiyo! Nimechoka tangu mwaka juzi. Kwani wewe ndiye uliyenichosha? Simama pale."

Nilimfokea, dada mkubwa wa mume wangu, mbele ya barabara. Naye akasimama.

Zikabaki boksi. Sikutaka kuzishona. Boksi ni mikunjo miwili iliyogeuziana migongo, kwa juu unapata ubao mpana uliosimama mbele, na kwa chini mikunjo inakutana kwa kujificha. Boksi ni nzito, ni za sketi za akina mama wa zamani, na kitambaa kile chepesi kisingezishikilia. Zingelegea kabla hatujavuka mto Mara njiani. Lakini nilimtazama wifi amesimama pale, nikauona mwili wake vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Kilichokuwa kinazama ni nyonga. Marinda yote niliyojaribu yalianzia kiunoni, juu ya nyonga. Nyonga ikizama, inayavuta yote kwa pamoja.

Basi nikafanya hivi. Nilichukua shuka langu la pamba lililochakaa katikati, nikakata sehemu nzima, nikaiunga chini ya kitambaa kipate mwili. Nikakunja boksi mzunguko mzima, zikikutana bila kuacha nafasi. Ile alama ya pasi nikaipeleka ndani kabisa ya mkunjo, mahali ambapo hata upepo haufiki. Halafu sikuziachia kiunoni. Nilizishonea chini, kila moja, mpaka zikavuka nyonga, na hapo ndipo nikaziruhusu zifunguke. Upindo wa chini nikaukunja mpana ili uvute. Kisha nikachukua kipande cha sabuni kikavu nikapitisha kwa ndani kwenye kila kona ya mkunjo ili ushike, nikaweka kitambaa chenye unyevu juu, nikabonyeza na pasi isiyo moto sana. Bonyeza, inua. Bonyeza, inua. Hapo hutelezeshi pasi, la sivyo unakuwa mama mkwe wa pili.

Jua lilikuwa limeegemea milima alipoivaa.

Akatembea mpaka mwisho wa kibaraza na kurudi. Nyonga ilizama ndani, kwenye ile sehemu iliyoshonwa, ikabaki siri yake. Chini, mbao za boksi zilining'inia wima, na mikunjo ya ndani ndiyo iliyobeba hatua. Sketi ilikuwa inabembea kwa pamoja, nzito, taratibu, ikichelewa kidogo nyuma ya mwili. Akizama upande, upindo unachelewa, na unapoanza kufuata, yeye amekwisha panda. Alipozunguka haikupaa. Ilifunguka kidogo chini, ikaonyesha vivuli vya ndani, ikarudi.

"Inasemaje?" akauliza.

"Imenyamaza," nikamwambia, nikakaa chini kwenye sakafu.

Asubuhi tukapanda Fuso. Sketi zote tulizibeba kwenye mifuko, maana vumbi la njia ile likiingia kwenye marinda halitoki mpaka ufue. Tukavuka mto Mara, tukapita mashamba na ng'ombe, na kichwa changu kinagonga ubao usingizi ukinivuta. Machochwe tulikuta upepo. Kule ni wazi, mbuga iko jirani, upepo hauna wa kuusimamisha.

Kwaya ikavaa. Mwalimu akapita kukagua, akafika kwa wifi, akasimama.

"Hii nini? Sare ni sare, dada. Wenzako wana kodiani."

Mimi nilifungua mdomo, na wifi akanishika mkono. Hakueleza habari za pasi wala za mama yake.

"Rangi ni ile ile," akasema. "Nitazame nikitembea, halafu uamue."

Akatembea, akaenda, akazunguka, akarudi. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema kutoka nyuma, "Kwani anayetangulia si anaweza kuvaa tofauti? Tutamjuaje?"

"Haya," akasema mwalimu. "Tangulia."

Niliwaona wakiingia. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeegemea nguzo. Wenzake kodiani zao zilichukuliwa na upepo, zikapanda, wengine ikabidi washushe mikono kuzishika na kupoteza kupiga makofi. Si kwamba waliharibu, waliimba vizuri tu. Lakini mbele yao kulikuwa na sketi moja ya zambarau inabembea polepole, hatua mbili mbele, moja nyuma, zungusha, na mwenyewe ameinua kidevu. Nilitafuta mguu wake kwa macho, mimi niliyeujua, na sikuuona. Nikapangusa uso kwa upande wa khanga.

Baada ya ibada akazungukwa. Niliona wanawake wa kwaya ya Nyansurura wanamgusa pindo, wengine wameinama kutazama boksi zinavyoanza kufunguka chini ya nyonga. Mmoja akageuza upindo kuona kilichomo ndani. Nilikuwa naogopa wifi atasema ni shuka langu la zamani.

Kurudi, tulikaa mwisho kabisa wa Fuso. Alivua viatu. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia kifundo mpaka gotini, ngozi imekaza inang'aa. Siku nzima alikuwa ameuficha ndani ya zile boksi na mimi sikujua. Nikauchukua nikauweka mapajani mwangu, nikaanza kuukanda, na lori kila likiruka shimo alikuwa anauma midomo.

"Umejiumiza," nikamwambia. "Umejiua, wewe."

"Wifi."

"Nini?"

"Wameuliza sketi." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka kwa maumivu, yote kwa wakati mmoja. "Wote. Nani ameshona, kitambaa ni cha wapi, mbona ya kwangu ni tofauti. Tangu shimo liporomoke, wifi, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameniuliza kitu kingine."

Nikaendelea kuukanda ule mguu mpaka tukafika mtoni.